Kumwota Mpenzi wa Zamani

Wapo watu wengi, wanawake kwa wanaume, wanaolibeba jambo hili kimya kimya. Mtu kaachana na mwenzake miaka minane, kumi au kumi na tano iliyopita. Kaolewa au kaoa, ana watoto, ana shughuli zake, na mchana yule wa zamani hata hamjii akilini. Kisha usiku mmoja anamwota. Wamekaa kwenye ile nyumba ya kupanga, wanaongea, wanacheka, na ndani ya ndoto hakuna anayeshangaa kwamba miaka yote hiyo imepita. Anaamka alfajiri moyo unamwenda mbio, mume au mke amelala pembeni yake, naye anajiona ana hatia kana kwamba ametenda jambo.

Akithubutu kumwambia mtu, majibu hayakawii. Shoga yake atamwambia, bado unampenda huyo. Jirani atasema, ujue huko aliko anakuwaza, ndiyo maana amekujia. Mwingine atataja jini mahaba, na mwingine atauliza kama hakuna nguo au picha yake iliyobaki kwa yule bwana. Kila jibu kati ya hayo linaiona ndoto kama ujumbe, na linamhesabu aliyeonekana usingizini kuwa ndiye kiini cha ujumbe wenyewe. Watafiti wa usingizi wamefika mahali tofauti kidogo, na naona inafaa watu wapajue, kwa sababu ndoa zimetiwa doa na watu wamejilaumu bure kwa sababu ya ndoto ambayo pengine ilitokana na sanduku la vyeti.

Nianze na jaribio moja ambalo kwangu ndilo linalofungua jambo lote. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwapa wanafunzi kazi ndogo ya kufanya nyumbani kabla ya kulala. Kila mmoja alichagua mtu anayemfahamu. Wengine walichagua mtu wanayemtamani kimapenzi, wengine mtu wanayempenda kwa urafiki tu. Kisha kwa dakika 5 waliandika chochote kinachowapitia kichwani. Kundi moja liliambiwa limfikirie yule mtu wakati wa kuandika, kundi jingine liliambiwa lisimfikirie kabisa, na la tatu halikubanwa upande wowote. Asubuhi kila mmoja aliandika alichoota. Waliokatazwa kumfikiria ndio waliomwota zaidi. Tena ikawa hivyo bila kujali kama mtu huyo alikuwa anatamaniwa kimapenzi au la.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa polepole. Kilichomwingiza mtu katika ndoto ni kule kujizuia kumfikiria. Kutamaniwa au kutotamaniwa hakukubadilisha hesabu. Sasa mfikirie mwanamke aliyeamua, kwa heshima ya ndoa yake, kwamba jina la fulani halitapita tena kichwani mwake. Kila likichungulia analisukuma. Usiku, sehemu za ubongo zinazofanya kazi ya kusukuma hupumzika, na lililosukumwa hupata nafasi. Kumwota kwake kunaweza kuwa ni matunda ya uaminifu wenyewe, naye anakuchukulia kuwa ushahidi wa usaliti.

Ili kuelewa hili linatokeaje, tuangalie kidogo usiku unavyokwenda. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza aina ya usingizi ambamo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Walipowaamsha watu katika usingizi huo, wengi walisimulia ndoto. Kwa mtu mzima usingizi huo huja kwa mzunguko wa takriban dakika 90, na vipindi vyake hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Ndiyo maana ndoto ndefu, zenye watu na maongezi, huwa za alfajiri. Baadaye, vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba katika usingizi huo sehemu zinazoshughulika na hisia huwa zimechangamka sana, huku sehemu za mbele, zile tunazotumia kupima, kuhoji na kukumbuka leo ni lini, zikiwa zimepoa. Hapo ndipo mtu wa mwaka 2009 anapoweza kukaa sebuleni na watoto wako waliozaliwa juzi, na usione kasoro.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ndoto hairudishi tukio kama lilivyokuwa. Mwaka 2003 Magdalena Fosse na wenzake huko Boston walilinganisha ndoto za watu na shajara zao za mchana. Zaidi ya nusu ya ndoto zilikuwa na chembe ya jambo lililotokea kweli, lakini zilizorudia tukio halisi, mahali pake na watu wake, hazikuzidi 2 katika 100. Ubongo wakati wa usingizi unafanya kama fundi cherehani anayeunga nguo kwa vipande vilivyobaki: uso kutoka huku, chumba kutoka kule, hofu ya jana, sauti ya utotoni.

Na katika vipande hivyo, mpenzi wa zamani ana vingi mno. Ulikula naye, ulilala naye, ulijua sauti ya nyayo zake ngazini. Mara nyingi pia ni mtu wa ujanani. Watafiti wa kumbukumbu wanajua vizuri kwamba watu wazima hukumbuka mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30 kwa wingi kuliko ya vipindi vingine, kwa kuwa ndiyo miaka ya mambo ya mara ya kwanza: kuondoka nyumbani, mshahara wa kwanza, kitanda cha kwanza kulala na mtu mwingine. Ubongo ukitaka kipande chochote cha miaka ile, ni rahisi kipande hicho kije na mtu aliyekuwa amesimama karibu.

Je, ina maana ndoto hizi zote ni takataka za kumbukumbu? Hapana, na hapa ndipo kazi ya Rosalind Cartwright inapohitajika. Huyu alikuwa mwanasaikolojia wa Chicago aliyetumia miaka mingi kuwachunguza watu waliokuwa wanapeana talaka, wengi wao wakiwa na sonona. Walilala maabara, wakaamshwa katikati ya usingizi wa ndoto, wakasimulia palepale kabla ya kusahau. Kisha akawafuatilia. Alichokiona ni kinyume cha tunavyodhani. Waliomwota mtalaka wao, kwa ndoto zenye hisia kali na zilizochanganya mambo ya zamani na ya sasa, ndio walioelekea kupona sonona baadaye. Wale ambao ndoto zao zilikuwa fupi, kavu, au ambao mtalaka alipita tu kama mtu wa barabarani, ndio waliochelewa. Kwa Cartwright, ndoto ilikuwa inafanya kazi: inachukua jeraha jipya na kulishikiza kwenye kumbukumbu za zamani hadi lipungue makali.

Utafiti wake una mipaka, nami nisingependa msomaji aubebe kupita uwezo wake. Watu wake walikuwa wachache, na talaka zao zilikuwa bado mbichi. Hausemi lolote la moja kwa moja kuhusu anayeota baada ya miaka 12. Lakini unatupa kipimo kizuri zaidi kuliko sura ya mtu: je, hisia iliyomo ndani ya ndoto ni ipi, na imechanganyika na nini?

Tuchukue mfano tuupitie kwa undani. Tuseme ni muuguzi wa miaka 38 anayeishi Tanga na mume wake na watoto wawili. Akiwa chuoni Mwanza alikuwa na mchumba, na waliachana miaka 12 iliyopita. Katika mwezi mmoja anamwota mara tatu, na kila akiamka anaandika mistari michache kwenye daftari: alichokiona, alivyojisikia ndani ya ndoto, na mambo ya juma zima lililotangulia. Hilo la juma zima lina sababu. Tukio la mchana huelekea kujitokeza ndotoni usiku uleule au unaofuata, kisha linaweza kuibuka tena baada ya siku 5 hadi 7, kwa hiyo anayetafuta chanzo katika jana peke yake hukikosa mara nyingi.

Ndoto ya kwanza: yuko kwenye chumba chake cha Mwanza, yule mchumba anapika, umeme unakatika, wote wanatafuta kiberiti, na watoto wake wa sasa wanacheka gizani. Hisia ni utulivu tu. Anaporudi nyuma kwenye daftari anaona kwamba siku sita kabla alifungua sanduku kutafuta vyeti vya chuo ili aombe nafasi ya kujiendeleza, na kwamba jana usiku uniti za LUKU ziliisha watoto wakiwa wanakula. Chumba kimetoka kwenye sanduku, giza limetoka kwenye LUKU, watoto ni wa leo. Mchumba amekuja pamoja na chumba. Hakuna kilichotakiwa kutoka kwake, hakuna lililobaki moyoni alipoamka isipokuwa mshtuko wa kumwona. Hiyo ni kumbukumbu inayozungushwa, na ningemshauri asiitafute zaidi ya hapo.

Ndoto ya pili: yuko kituo cha basi amevaa sare, amechelewa, yule bwana anapita dirishani hamsalimii. Anaona aibu kubwa, kana kwamba watu wote wanamtazama. Juma lile alikuwa ameitwa kwenye usaili. Alipojiuliza ni lini mara ya mwisho alijisikia hivyo, kupimwa na kuonekana hafai, jibu lilikuwa miezi ile ya mwisho Mwanza, alipofeli somo na uchumba ukawa unavunjika. Aibu ni ya usaili, nayo imeazima uso wa mtu aliyekuwepo mara ya mwisho aibu ile ilipomfika. Ndoto za aina hii ndizo zinazodanganya sana, kwa sababu hisia ni kali na mtu anamhesabia aliyeonekana. Njia ya kuzitambua ni kumwondoa huyo mtu kwanza, kuitaja hisia peke yake, kisha kuuliza ni wapi katika maisha ya sasa hisia hiyo ipo.

Ndoto ya tatu si ngeni. Imekuwa ikimrudia kwa miaka, mara mbili tatu kwa mwaka. Yule bwana amesimama mlangoni, naye anataka kumuuliza kwa nini, lakini sauti haitoki. Anaamka analia na siku nzima inakuwa nzito. Katika maisha halisi hawakuagana. Simu zilianza kutopokelewa, kisha namba ikawa haipatikani, na miezi mitatu baadaye akasikia kwa watu kwamba bwana yule ameoa kwao. Hapa kweli kuna kitu kilichobaki. Inarudi ileile, inakatikia palepale, na uzito wake unaendelea mchana.

Lakini ni kitu gani kilichobaki? Watu wengi wangesema mapenzi. Nilivyoielewa mimi, ndani ya ndoto hiyo hakuna hata mara moja anapotaka kurudiana naye. Anataka jibu. Na daftari linapofuatiliwa linaonyesha jambo la kumshangaza: ndoto hiyo huja katika majuma ambayo mume wake amesafiri na simu yake haipatikani. Jeraha lililobaki ni lile la kuachwa bila neno, na linaguswa na simu isiyopokelewa leo. Kwa hiyo yule wa Mwanza hana la kufanya katika kuponya jambo hili. Mwenye nafasi ni mume, ambaye huenda hajui kabisa kwamba saa nne za kimya zinamrudisha mkewe mlangoni kule.

Ndiyo maana nasita sana ninaposikia mtu akishauriwa amtafute wa zamani "ili afunge ukurasa". Kama kilichobaki ni deni la kuomba radhi, na wewe ndiye uliyekosea, salamu fupi ya staha inaweza kuwa na maana. Lakini aliyeachwa bila maelezo akipiga simu baada ya miaka 12 mara nyingi atapata mtu anayejitetea, au mtu asiyekumbuka, au mtu anayedhani anaitwa. Kabla ya kupiga, ajiulize angependa kusikia nini hasa. Akikuta kwamba jibu lolote halingebadilisha maisha yake ya leo, basi ndoto inazungumzia jambo lililo karibu zaidi na nyumbani kwake kuliko namba ile.

Zipo pia zile ambazo kweli ni hamu. Mtu anaamka anataka arudi kulala aendelee, anatafuta picha mtandaoni asubuhi, anamlinganisha mwenzake na wa ndotoni mchana kutwa. Hata hapo ningetazama kinachotamaniwa kabla ya anayetamaniwa. Je, katika ndoto alikuwa anasikilizwa? Alikuwa anacheka? Alikuwa na miaka 23 bila ada ya shule ya mtu yeyote mgongoni? Wengi wanaodhani wanamkumbuka mtu huwa wanajikumbuka wenyewe walivyokuwa enzi zile. Lakini si wote. Wapo ambao walitenganishwa na wazazi, au dini, au safari ya mmoja kwenda Uarabuni, na mapenzi hayakufa. Nao wanajua. Ila wameshajua mchana, na ndoto haikuwapa habari mpya.

Aina moja naitenga na hizi zote. Mtu aliyepigwa, aliyelazimishwa au aliyetishwa na mwenzake wa zamani, akimwota akija kumdhuru, tena na tena, akiamka na jasho, akiogopa kulala, asiambiwe kwamba bado anampenda. Hiyo ni athari ya ukatili, na inatibika. Mojawapo ya njia zilizopimwa, ambayo daktari Barry Krakow na wenzake waliichapishia matokeo mwaka 2001 baada ya kuwatibu wanawake waliowahi kubakwa au kudhulumiwa kingono, ni rahisi kueleza: mgonjwa akiwa macho anachagua ndoto ya kutisha, anaibadilisha anavyotaka mwenyewe, anaiandika, kisha anairudia ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Majinamizi ya wengi yalipungua. Ni vema kuianza na mtaalamu wa afya ya akili, na kwa ndoto isiyo kali kuliko zote.

Kuna sababu nyingine ya kawaida ambayo watu huisahau, nayo ni dawa. Efavirenzi, iliyokuwa sehemu ya vidonge vya kwanza vya ARV kwa miaka mingi kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto kali na za ajabu. Ni hivyo pia kwa meflokwini ya malaria, na kwa baadhi ya dawa za sonona, hasa zinapoachwa ghafla. Pombe nayo huubana usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha ukarudi kwa nguvu kuelekea asubuhi. Mtu ambaye ndoto zake zote, si za wa zamani tu, zimekuwa kali tangu alipobadilishiwa dawa, aende akamweleze aliyemwandikia. Asiache dawa peke yake.

Nao wenye imani hawana haja ya kudhani kwamba maelezo haya yanapigana na waliyofundishwa. Mapokeo ya Kiislamu yanazigawa ndoto mara tatu: njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile inayotokana na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Fungu hilo la tatu limekuwepo karne nyingi kabla ya maabara ya Chicago, na ajabu ni kwamba linatajwa kidogo sana pale mtu anapopeleka ndoto yake kutafsiriwa.

Limebaki swali ambalo naamini ndilo linalowakera wengi: nimwambie mwenzangu? Utafiti wa Dylan Selterman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia vijana walio katika mahusiano kwa shajara za ndoto, ukaona kwamba walioota wenzao wakiwasaliti walipunguza ukaribu nao siku zilizofuata, ingawa hakuna kilichotokea. Yaani ndoto iliacha alama katika siku kwa sababu mwotaji aliibeba hadi mchana. Kumsimulia mume ndoto ya Mwanza mwanzo hadi mwisho, kiberiti na mlango na yote, kunaweza kumwachia yeye picha ambayo mke ataisahau kabla ya chai. Muuguzi wetu ana jambo fupi zaidi la kumwambia: ukifika safari, nipigie, na kama chaji inaisha nitumie meseji kabla haijazima. Sababu aitoe kwa kiasi kile mume anachoweza kupokea. Kisha aendelee kuandika kwenye daftari lake, aone kama ile ya tatu itarudi safari ijayo.